Khalati anasema video "bado kidogo", nami sijalipwa

Assalaam aleikum Ami,

Mimi ni kijana wa Mombasa, napiga na kuhariri video, kazi yangu mwenyewe bila kuajiriwa. Kabla ya Ramadhani rafiki wa mama yangu, mwenye duka la madera na abaya karibu na Marikiti, aliniita nimtengenezee video fupi 8 za kuuzia nguo za Idi kwenye Instagram na TikTok. Tangu utotoni namwita Khalati. Tulikubaliana kwa mdomo na kwa WhatsApp: shilingi 48,000, arubuni 10,000, "zilizobaki video zikiwa tayari".

Nilimpelekea zote 8 kabla ya Idi. Tano alizipandisha usiku uleule. Tatu akasema bado kidogo. Kwanza rangi ya maandishi, kisha muziki. Kisha dera likashuka kutoka 1,500 hadi 1,200, kwa hivyo bei ibadilishwe ndani ya video. Mwanawe akataka moja iwe pana ili ioneshwe kwenye televisheni ya dukani. Binti yake aliye Doha akasema muziki mpya ni wa harusini, urudishwe wa kwanza. Idi imepita na bado narekebisha. Juzi ameniomba nimpe na video zote nilizopiga, zile ambazo sijazihariri.

Sasa anafungua duka la pili Malindi na anataka video 12 kila mwezi kwa bei ileile, "tutamaliza hesabu zote pamoja". Nikidai changu, mama anasema nitamwaibisha. Nikileta karatasi ya mkataba, naogopa Khalati ataona namwita mwizi. Kazi ya kila mwezi naitaka sana. Je, nikatae Malindi mpaka anilipe, nizuie zile tatu, au ninyamaze niendelee?

Mpiga video, Mombasa

---

Waaleikum salaam mwanangu.

Nitaanza na Khalati kabla sijafika kwako, na usidhani namtetea. Ukisoma maagano yenu kama yalivyo, ni vigumu kusema ameyavunja. Mlisema pesa italipwa video zikiwa tayari, lakini hamkusema nani atakayeamua kwamba ziko tayari. Wewe ulihesabu kazi imekwisha ulipozituma. Yeye anahesabu itakwisha siku atakapozitazama asione la kubadilisha, na mwenye duka hafiki siku hiyo, kwa sababu kila wiki ana mzigo mpya, bei mpya, na mtu mpya wa kutoa maoni. Malipo yako uliyafunga kwenye jambo lisilo na mwisho. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama anakudhulumu, jiulize kama amewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba marekebisho yana gharama. Yeye anatuma ujumbe wa maneno manne. Wewe unafungua kazi upya, unahariri, unaitoa upya, unaipakia kwa bando lako, kisha unasubiri jibu. Hayo yote hayaoni.

Njia rahisi ya kumwonesha ni kutumia biashara yake mwenyewe. Mteja akishonewa abaya, siku ya kuipima akaona bega linabana, fundi analegeza bila kudai kitu. Akitaka shanga za shingoni zipunguzwe, fundi mwema atapunguza mara moja au mbili. Lakini akisema sasa anataka abaya ileile iwe pana ya kipepeo, kitambaa kimeshakatwa, na hiyo ni abaya nyingine. Khalati anaujua mpaka huo kwa undani kuliko mimi na wewe. Hajaoneshwa tu mahali unapopita kwenye video.

Hebu tuuchore kwa maombi yaleyale uliyoyataja. Rangi ya maandishi ni kulegeza bega, na hiyo ni kazi yako. Muziki kubadilishwa mara ya kwanza ni kupunguza shanga, bado ni haki yake. Muziki kurudishwa kwa sababu binti wa Doha hakuupenda si marekebisho ya video. Hayo ni mazungumzo ya nyumbani kwao ambayo hayakuwa yamekwisha, na yalipaswa kumalizika kabla hujaguswa wewe. Bei kushuka baada ya kazi ni taarifa mpya. Na ile ya televisheni ni abaya nyingine kabisa: picha iliyopigwa wima hailali ikawa pana bila kukata kichwa na miguu ya aliyevaa nguo, au kuacha nafasi tupu pande zote mbili. Ili itoke vizuri ingebidi kupiga upya. Ukiyatenganisha namna hii, utaona hata wewe ulikuwa unayatia yote kwenye kapu moja la "ananisumbua", ilhali mawili kati yake alikuwa na haki nayo.

Sasa tuje kwenye deni. Ushauri wangu wa kwanza ni ulitenganishe na Malindi. Neno "tutamaliza hesabu zote pamoja" laweza kusemwa kwa nia njema kabisa, lakini likipita, ile 38,000 ya zamani itazama ndani ya kazi mpya, na mwezi wa tatu hakuna atakayekumbuka kipi kililipiwa nini. Hesabu mbili, karatasi mbili, hata kama mnazungumza siku moja.

Kwenye hesabu ya zamani una njia kadhaa, na kila moja ina uchungu wake.

Unaweza kuzuia zile tatu. Wengi katika kazi yenu hufanya hivyo, na zinapokuwa hazijatoka mkononi husaidia. Ila tazama ulichobaki nacho: tano ameshazipandisha zikiwa safi, na tatu zilizobaki ni za Idi ambayo imepita. Hana haraka nazo tena. Usije pia ukamwambia kwamba hata zile tano ni mali yako mpaka alipe. Wapiga picha na video wengi huamini hivyo, lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi iliyoagizwa na mtu, hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Ninyi hamkukubaliana lolote. Deni lako bado ni deni halali, lakini kuripoti video zake ili ziondolewe kwenye ukurasa wake kunaweza kukugeuka wewe.

Unaweza kumpa hesabu ya kufungia. Video 8 kwa 48,000 ni 6,000 kila moja. Tano alizozipandisha amezikubali kwa vitendo vyake; hakuna mtu anayetundika dirishani nguo ambayo haijaisha. Hizo ni 30,000, ukitoa arubuni ya 10,000, zinabaki 20,000 za kulipwa sasa. Tatu zilizosalia ni 18,000. Kwa hizo muombe orodha moja ya mwisho, wewe uitekeleze, naye alipe siku utakapomtumia. Waweza hata kumwambia utaondoa maandishi ya Idi ili azitumie msimu wowote, jambo litakalomrudishia hamu nazo. Faida ya njia hii ni kwamba humwambii "nilipe", unamwonesha kipi kimeisha na kipi hakijaisha. Hatari yake ni kwamba anaweza kulipa zile 20,000 na orodha ya mwisho isije kamwe. Itabidi uamue mapema kama unaweza kuishi na hilo.

Ipo pia mahakama, na naitaja ili ujue ilivyo, si kukusukuma huko. Sheria ya mwaka 2016 iliunda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni 1, pamoja na ya kazi iliyofanywa isilipwe. Unaweza kwenda mwenyewe bila wakili, kesi inapaswa kumalizika ndani ya siku 60, na mahakama hiyo haifungwi na kanuni ngumu za ushahidi kama mahakama nyingine. Makubaliano ya mdomo ni mkataba, na mazungumzo yenu ya WhatsApp pamoja na ujumbe wa M-Pesa wa ile 10,000 vinaonesha kwamba kazi iliagizwa na kuanza kulipiwa. Yahifadhi yote, usifute kitu. Lakini kwa 38,000, baina ya mama yako na rafiki yake wa miaka mingi, nadhani wewe mwenyewe unaona gharama ambayo haiandikwi kwenye karatasi ya mashtaka. Na huna haja ya kukimbilia: madai ya mkataba yana muda wa miaka 6 tangu mkataba kuvunjwa.

Mwisho kuna kusamehe. Ukisamehe, msamehe kwa kumwambia: "Khalati, zile tatu tuziache, tuhesabu tano." Kusamehe kimoyomoyo huku ukiendelea kumfanyia kazi kwa kinyongo hakumfai yeye wala wewe, na kinyongo hicho kitaonekana kwenye video za Malindi.

Hapo ndipo ninapotaka tukae zaidi, kwa sababu Malindi ndiyo kazi unayoitaka. Video 12 kwa mwezi kwa bei ya 6,000 ni 72,000. Ukikubali kulipwa mwisho wa mwezi, utakuwa umemkopesha Khalati 72,000 kabla hujaona shilingi, juu ya nauli ya kilomita kama 120 kwenda na kama hizo kurudi. Ukimtaka alipe nusu mwanzoni, yaani 36,000 kwa mkupuo, duka changa lisilojulikana bado huenda lisiwe nazo, kwa sababu duka la nguo hupata pesa kidogokidogo kila siku na kuzirudisha kwenye mzigo. Nimeona mikataba mingi ya watu wadogo ikivunjika hapo: malipo yalipangwa vizuri kwenye karatasi, lakini hakuna aliyeuliza pesa huingia lini.

Mimi ningeugawa mwezi mafungu mawili ya video 6, kila fungu 36,000, kwa safari moja ya kupiga. Kila fungu lilipwe mara tatu: 12,000 kabla hujapanda gari kwenda Malindi, 12,000 unapomtumia rasimu, na 12,000 kabla hujampa video safi. Fungu la pili halianzi mpaka la kwanza limefungwa. Kwa mpango huu, hata mambo yakiharibika kabisa, hasara yako haiwezi kuzidi fungu moja, na yeye hatoi zaidi ya 12,000 kwa wakati mmoja. Tarehe mzipange pamoja naye. Muulize siku zipi duka lina pesa, halafu safari zako zifuate hizo.

Malipo ya katikati yatazame vizuri, maana hapo ndipo ulipoumia. Yafunge kwenye kutuma rasimu, yasifungwe kwenye kuipenda rasimu. Kutuma ni jambo lililo mikononi mwako, na tarehe yake inaonekana kwenye simu. Kupenda kuko mikononi mwake, na mwa mwanawe, na mwa binti wa Doha. Rasimu yenyewe itume ikiwa ndogo, na jina lako limepita katikati ya picha, ili aweze kuikagua yote lakini asiweze kuipandisha. Malipo ya mwisho ndiyo yatakayosubiri ridhaa yake, na hata hapo muweke kikomo: asipojibu ndani ya siku 4 tangu rasimu iliyorekebishwa kumfikia, ihesabiwe imekubaliwa. Kifungu hicho cha kimya msomee kwa sauti, usikifiche katikati ya karatasi. Akikigundua baadaye ndipo atakapoona umemtega.

Kuhusu kinachotolewa na marekebisho yake, karatasi haihitaji lugha ya mawakili. Inaweza kuwa hivi:

"Kila fungu lina video 6, kila moja kati ya sekunde 20 na 40, za wima, kipimo cha 1080 kwa 1920, zenye maandishi ya Kiswahili, jina la duka na nambari ya simu. Bei hazitaandikwa ndani ya video; zitaandikwa kwenye maelezo chini yake. Duka litatoa nguo zilizopigwa pasi, mtu wa kuzivaa aliyekubali kuoneshwa, na orodha ya nguo siku 2 kabla ya kupiga. Rasimu zitafika ndani ya siku 5 baada ya kupiga. Marekebisho ni duru 2. Duru moja ni orodha moja inayotumwa na mwenye duka peke yake, ndani ya siku 3, ikitaja video na sekunde. Kosa la mtengenezaji, kama jina au nambari iliyokosewa, litasahihishwa bila kuhesabiwa duru. Duru ya tatu ni shilingi 1,000 kwa kila video. Kupiga upya, au kutaka umbo jingine la picha, ni kazi mpya yenye bei yake."

Tazama jinsi sentensi moja tu, ile ya bei kuandikwa chini ya video, inavyoondoa sababu ya nusu ya usumbufu wako. Dera likishuka kesho, Khalati anabadilisha maelezo mwenyewe kwa kidole kimoja, na wewe unaendelea kulala. Vilevile kutaja sekunde kunabadilisha mazungumzo. "Sijaipenda" haina dawa, lakini "video ya 3, sekunde ya 12, mkono wa abaya hauonekani" unairekebisha ukainuka. Na yeye anapolazimika kuitazama video kwa makini hivyo, mara nyingi orodha huwa fupi.

"Mwenye duka peke yake" ni kwa ajili ya binti wa Doha na kaka yake. Usiwakataze kutoa maoni, duka ni la familia. Wakusanyike kwanza kwao, wabishane, kisha sauti moja ije kwako. Khalati mwenyewe atapumzika, kwani sasa anabebeshwa maoni ya kila mtu na kuyapitisha kwako yakiwa yanapingana.

Muziki muuamue kabla ya kuhariri, na kuna jambo ambalo huenda hajui. Ukurasa wa Instagram uliosajiliwa kama wa biashara haupati nyimbo zote zinazopatikana kwa watu wa kawaida, na TikTok nayo ina hazina yake ya nyimbo zilizoruhusiwa kwa biashara. Ukiupachika ndani ya video wimbo unaovuma, inaweza kuzimwa sauti wiki ileile aliyoitegemea, na mtu wa kwanza kulaumiwa utakuwa wewe. Andikeni kwamba muziki utatoka kwenye hazina iliyoruhusiwa, achague miwili kati ya utakayompelekea, na kama anataka wimbo wa msanii fulani, ruhusa na gharama yake ni juu ya duka.

Zile video ambazo hujazihariri zinahitaji mazungumzo ya upole, kwa sababu Khalati hakosei kuziona kama zake: ni nguo zake, duka lake, na pesa yake. Kwa upande wako, ukimpa mwanawe azihariri kwa simu, kazi itakayotoka itaonekana ni yako. Na kwa jinsi sheria ilivyo, kama nilivyokueleza, ukikaa kimya huenda hoja ikawa upande wake. Basi semeni wazi. Mnaweza kuandika kwamba hakimiliki ya video zilizokamilika inahamia kwake siku ya malipo ya mwisho, kwamba zisizohaririwa si sehemu ya kazi, utazitunza siku 90 kisha huna dhima nazo, na akizitaka zinauzwa kwa bei mtakayoitaja sasa na alete diski yake. Au, kama hujali, mpe tu na bei ya kazi ipande kidogo. Yote mawili ni ya haki.

Na karatasi hiyo lazima imlinde na yeye pia. Ikiwa ina vifungu vya kukulinda wewe tu, atakuwa na sababu ya kuiona ya kumwita mwizi. Andika kwamba ukikosa kufika siku ya kupiga bila kumwarifu, arubuni inarudi au unapiga siku nyingine kwa nauli yako. Rasimu zikichelewa zaidi ya siku mlizoweka, ukatwe kiasi mtakachokubaliana. Andika pia kwamba yeyote kati yenu anaweza kusimama baada ya fungu kufungwa, bila ugomvi. Duka changa linahitaji mlango wa kutokea, na ukimpa, huenda asiutumie.

Sasa hofu yako kubwa, na ya mama yako: karatasi ni aibu. Wewe umenisalimu kwa salamu ya Kiislamu, na nadhani Khalati ni wa nyumba hiyohiyo, kwa hiyo nakukumbusha aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qurani nzima, na yote inazungumzia kuandika deni. Inataka liandikwe likiwa dogo au kubwa, na watu wasichoke kuandika. Na ndani yake kuna jambo ambalo kila mara hunigusa: anayeamrishwa kusema yaandikwe nini ni yule mwenye kudaiwa. Haki iko juu yake, basi maneno yatoke kwake.

Uichukue hiyo kama namna ya kufanya, si kama hoja ya kumshinda mtu mzima. Usiende na mkataba uliokwisha kuchapishwa unaosubiri saini. Nenda na daftari. Mwambie, "Khalati, nimeifurahia kazi ya Malindi na nataka isitupotee kama ya Idi ilivyotuchosha. Niambie unataka video gani, ngapi, lini, nami niandike." Yeye aseme, wewe uandike. Ukifika kwenye marekebisho, muulize yeye anaona mara ngapi zinatosha. Huenda akasema moja. Ukifika kwenye malipo, mwoneshe mafungu na umuulize tarehe. Mkimaliza, msomee, mpige picha ukurasa ule, umtumie kwenye WhatsApp, naye ajibu kwamba amekubali. Hilo ni bora kuliko kukaa bila chochote, na kama mnapenda kuweka saini mbele ya mama yako kama shahidi, vizuri zaidi. Mama anayeogopa kuaibishwa akikaa kama shahidi anakuwa sehemu ya heshima ya jambo hilo.

Inawezekana akakataa. Watu wengine wakiona kalamu hubadilika uso, hata ukiwa na adabu kiasi gani. Akisema "baina yetu hakuna maandishi", utakuwa na jambo gumu la kupima: unaitaka kazi hii kiasi gani, na unaweza kubeba hasara ya fungu moja bila kuharibikiwa? Kama unaweza, mafungu yanaweza kufuatwa hata bila karatasi. Hupandi gari mpaka arubuni iingie, hutoi video safi mpaka ya mwisho iingie, na kila mara unamwandikia ujumbe mfupi wa mlichozungumza. Kama huwezi, kumwambia "Khalati, kwa sasa sitaweza" si kumkosea adabu. Jibu hilo siwezi kukupa mimi, kwa sababu sijui kodi ya nyumba yako inalipwa na nini, wala mama yako na Khalati wamepitia mangapi pamoja.

Jambo moja dogo la mwisho, maana naona bei imebaki ileile. Zile 6,000 zilikuwa za duka unalofika kwa miguu. Malindi kuna nauli, chakula, na pengine kulala ikiwa nguo hazijapigwa pasi mpaka adhuhuri. Kabla hujaenda na daftari, kaa uipige hesabu ya siku moja ya huko kuanzia unapotoka nyumbani, kisha umuulize kama nauli iwe juu ya duka au iingizwe kwenye bei ya kila video.